Alama niliyomwambia aifute kabla hatujaisoma

Saa tano usiku simu ikaita. Dada mmoja tunayefanya naye kazi, sauti yake ya mtu aliyechoka, ana michoro ya jengo anatakiwa kuikabidhi asubuhi na plagin mpya aliyoishusha haitaki kuingia kwenye programu yake ya kuchorea. "Kaka, nimetoa mafaili yote kwenye zipu, nimeyaweka kwenye folda ileile waliyosema, nikiifungua programu inaniletea haya maandishi," akanisomea herufi moja moja:

```
Could not load file or assembly ... or one of its dependencies.
Operation is not supported.
(Exception from HRESULT: 0x80131515)
```

Ile namba naijua. Sikumwacha hata amalize. Nikamwambia futa folda uliyotoa, rudi kwenye zipu yenyewe, kliki kulia, Properties, angalia chini kabisa pale kwenye Security kuna kiboksi kimeandikwa Unblock, weka tiki, OK, halafu toa mafaili upya. Akafanya huku simu iko sikioni, nikisikia maus inavyokliki. Plagin ikaingia.

"Kaka asante, Mungu akubariki, ngoja nimalize kazi."

Dakika nne zote, na nikalala vizuri tu usiku ule.

Siku tatu baadaye nikiwa nafanya mambo yangu mengine kabisa likanijia swali ambalo sikumuuliza, na likakaa kichwani wiki nzima na nyingine tena. Ile zipu aliitoa wapi?

## Kile kiboksi kinafuta nini hasa

Wengi tunaongea kama vile Windows imelikagua faili ikaona lina matatizo ikalifungia, halafu sisi tunalifungulia. Mimi mwenyewe nimeongea hivyo miaka. Sivyo ilivyo.

Faili likishushwa kwa brauza, brauza inalibandikia kikaratasi kidogo kinachosema limetoka wapi. Kikaratasi hicho hakiingii ndani ya faili lenyewe, kinakaa pembeni yake, kwenye sehemu ambayo mfumo wa kuhifadhi wa NTFS unairuhusu lakini folda za kawaida hazikuonyeshi. Jina lake ni `Zone.Identifier`, na humu nitakiita pia alama. Mambo haya yalianza enzi za Windows XP, lile sasisho kubwa la pili la mwaka 2004, na mpaka leo yanafanya kazi kwa namna ileile.

Ukitaka kukiona kwa macho fungua PowerShell kwenye folda lilipo faili, uandike hivi:

```
Get-Content .\plagin.zip -Stream Zone.Identifier
```

Utapata kitu cha namna hii:

```
[ZoneTransfer]
ZoneId=3
ReferrerUrl=https://tovuti.example/plagin
HostUrl=https://mafaili.example/plagin.zip
```

Hiyo 3 maana yake ni intaneti. Kuna 0 ya kompyuta yako mwenyewe, 1 mtandao wa ndani wa ofisi, 2 tovuti ulizoziorodhesha kuwa unaziamini, na 4 tovuti zilizozuiwa. Mistari miwili ya chini ndiyo muhimu kwenye habari yangu yote hii: `ReferrerUrl` ni ukurasa, au walau tovuti, uliyokuwa umeifungua ulipokliki, na `HostUrl` ni anwani ambako faili lenyewe lilitoka.

Sasa angalia vizuri. Hakuna hata neno moja pale linalosema faili ni baya au zuri.

Ni habari ya asili tu, limetoka nje. Zinazoamua kuzuia ni programu nyingine zinazokisoma kikaratasi hicho, na kila moja ina tabia yake. Excel, tangu Microsoft walipobadilisha mambo mwaka 2022, inakuwekea ubao mwekundu juu na makro hazitembei hata ubembeleze. Faili la msaada la `.chm` linafunguka, orodha ya mada unaiona upande wa kushoto, lakini kulia kurasa hazina kitu, na mtu anadhani faili limeharibika. Kuanzia masasisho ya Oktoba 2025 hata kile kidirisha cha pembeni cha kuchungulia faili kabla ya kulifungua kinakataa kuchungulia lililotoka intaneti. Na programu zilizojengwa kwa .NET ya zamani, kama ile ya kuchorea ya dada yetu, zinakataa kupakia faili la `.dll` lenye alama na kukutupia 0x80131515, ujumbe ambao wala haukutajii kwamba shida ni alama.

Kwa hiyo tiki ya Unblock inafuta kikaratasi. Basi. Haimwambii mtu yeyote kwamba faili limekaguliwa, haibadilishi hata baiti moja ya faili, haizimi antivairasi. Inaondoa tu ile habari ya asili, na programu zote zilizokuwa zinaitegemea zinabaki hazina cha kusoma.

## Kwa nini nilimwambia arudi kwenye zipu

Hapa nikae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea, na ndiyo sababu ushauri wangu wa usiku ule "ulifanya kazi".

Ukishusha zipu, alama iko moja, kwenye zipu. Ukiitoa kwa njia ya kawaida ya Windows, ile Extract All, Windows inainakili alama kwenye kila faili linalotoka humo. Zipu yake ilikuwa na mafaili 47, kati yake 31 ni `.dll`. Yaani sekunde moja alikuwa na alama moja, sekunde inayofuata zimeongezeka 47 na haoni hata moja.

Sasa mtu akishatoa anaenda kwenye lile faili kuu lililotajwa kwenye ujumbe wa makosa, analifungulia, anarudi kwenye programu, inakataa tena. Safari hii inalalamikia faili jingine, kwa sababu lile kuu linaita la pili, la pili linaita la tatu. Anafungulia la pili, inalalamikia la tatu. Nimeshaona mtu akihangaika hivi saa nzima na mwishowe akasema Windows yake ni mbovu akaanza kuisimika upya.

Ukitaka kujua kama hilo ndilo linalokusumbua, fungua ile Command Prompt ya kawaida, nenda kwenye folda, andika:

```
dir /r
```

Kila faili lenye alama litafuatiwa na mstari wa pili wenye jina lake na kuishia `:Zone.Identifier:$DATA`. Ukiona mistari hiyo imejipanga kama siafu, basi hujafungulia kitu, umefungulia moja tu.

Ndiyo maana unaifungulia zipu kwanza halafu ndiyo unatoa. Zipu isiyo na alama inazaa mafaili yasiyo na alama.

Kuna na ushauri mwingine unazunguka sana kuhusu 0x80131515, kwamba uingie kwenye faili la mipangilio la programu uongeze mstari wa `loadFromRemoteSources` na kuweka `true`. Unafanya kazi kweli. Ila umeiambia ile programu ipakie chochote chenye alama, leo na kesho na mwakani, plagin hii na nyingine yoyote itakayowekwa pale na mtu yeyote. Siupendi. Afadhali nifute alama ya kitu kimoja ninachokijua kuliko kuondoa mlango mzima.

## Nilipotaka kuisoma, haikuwepo

Turudi kwenye lile swali. Baada ya kama wiki mbili nikaona haiwezekani, nikamfuata mezani kwake. Nikamwambia dada samahani, ile plagin ya siku ile uliishusha kutoka wapi? Akasema, "Si kwa wenyewe wanaoitengeneza. Niliitafuta jina lake ikaja, nikakliki." Alisema kwa uhakika kabisa na mimi nikataka kumwamini, lakini kile "niliitafuta ikaja" kikanikwaza. Kinachokuja kwanza ukitafuta siyo lazima kiwe cha wenyewe.

Nikasema rahisi, zipu bado iko Downloads, tusome `HostUrl` tumalize ubishi. Nikaandika ile amri. PowerShell ikaniletea maandishi mekundu, hakuna kitu kinachoitwa hivyo kwenye faili hili.

Nikakaa kimya.

Ni mimi niliyemwambia aweke ile tiki. Unblock haiweki alama kando, haisemi "imeruhusiwa tarehe fulani", inaifuta yote, na anwani iliyokuwa ndani yake inaondoka nayo. Kitu pekee kwenye lile faili kilichokuwa na jibu la swali langu nilimwagiza akifute, kwa simu, saa tano usiku, ndani ya dakika nne.

Nikajaribu njia nyingine. Ile folda ya kwanza, aliyoitoa kabla hajanipigia, hakuwa ameifuta kama nilivyomwambia, aliihamishia pembeni tu. Mafaili yake 47 bado yana alama! Nikasoma moja:

```
[ZoneTransfer]
ZoneId=3
ReferrerUrl=C:\Users\...\Downloads\plagin.zip
```

Nilikuwa sijawahi kulitilia maanani hili. Windows inapotoa zipu inarithisha alama, ndiyo, lakini hairithishi anwani ya intaneti. Inaandika kwamba faili limetoka kwenye zipu ile pale Downloads, inaishia hapo. Yaani mtoto anamjua mzazi wake lakini hamjui babu. Anwani halisi ilikuwa kwenye zipu peke yake.

Kilichotuokoa ni orodha ya vilivyoshushwa ndani ya brauza, ile unayoifungua kwa Ctrl na J. Bahati nzuri alikuwa hajaisafisha. Tukateremka wiki mbili nyuma, zipu ikaonekana, na anwani yake haikuwa ya watengenezaji. Ilikuwa tovuti moja ya zile zinazokusanya programu za watu na kuzigawa, imevaa rangi na nembo inayofanana, na jina la plagin liko kwenye anwani yenyewe ili uone kama umefika.

Akaishika meza. "Kaka, mimi nimeweka humu nywila zangu zote."

## Kulinganisha

Kutoka kwa mtu mwingine haimaanishi moja kwa moja kwamba faili limechezewa. Kuna tovuti zinagawa nakala ileile bila kuigusa. Kwa hiyo sikutaka kumtisha zaidi kabla ya kupima, na vipimo viko viwili, vyote vimo ndani ya Windows tayari.

Cha kwanza, tulienda kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, safari hii tukaandika anwani kwa mkono kutoka kwenye dirisha la About la programu aliyokuwa nayo, tukaona ukurasa wa kushusha, na chini ya jina la faili wameweka mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu 64. Ule ni SHA-256, alama ya vidole ya faili. Baiti moja ikibadilika, mlolongo mzima unakuwa mwingine. Nikapima ile zipu yake:

```
Get-FileHash .\plagin.zip
```

Haikufanana. Wala haikukaribiana, maana hakuna kukaribiana kwenye vitu hivi.

Hata hapo mtu anaweza kusema labda ni toleo jingine, au waliifunga zipu upya na mafaili ya ndani ni yaleyale. Ni hoja ya kweli, zipu ikifungwa upya alama ya vidole inabadilika hata kama ndani hakuna kilichoguswa. Ndiyo maana kipimo cha pili nakipenda zaidi kwa kazi hii, kwa sababu kinaingia ndani. Watengenezaji wengi wanatia sahihi ya kidijitali kwenye `.dll` zao, na sahihi hiyo inafungamana na yaliyomo. Ukiwa ndani ya folda uliyotoa:

```
Get-ChildItem -Recurse -Filter *.dll | Get-AuthenticodeSignature
```

Inakuletea orodha, na safu moja inaitwa Status. `Valid` maana yake sahihi ipo, Windows inamtambua mtia sahihi, na faili halijabadilika tangu lisainiwe. `NotSigned` maana yake hakuna sahihi, jambo ambalo peke yake siyo ushahidi wa ubaya, watengenezaji wadogo wengi hawasaini kwa sababu cheti kinanunuliwa. Lakini kuna hali ya tatu.

Orodha ikateremka. Valid, Valid, Valid, macho yakaanza kuzoea. Nikahesabu 30.

Moja ilikuwa `HashMismatch`.

Hiyo haina maelezo mazuri. Ina maana faili lilitiwa sahihi na wenyewe, halafu baada ya hapo kitu ndani yake kikabadilika. Huenda ni mtu aliyekuwa anaondoa kile kipengele cha kuuliza leseni, huenda aliongeza kitu chake. Kwa kuitazama tu huwezi kujua ni lipi, na kwa uamuzi tuliotakiwa kuufanya haina tofauti.

Na faili hilo lilikuwa limepakiwa na kutumika wiki mbili. Programu ile ya kuchorea haikulalamika, kwa sababu .NET kwa kawaida haiiangalii sahihi hii inapopakia `.dll`, ilikuwa inaangalia alama tu. Antivairasi nayo ilikuwa imewaka muda wote na haikusema neno. Kizuizi pekee kilichokuwa kimesimama mlangoni usiku ule kilikuwa ni 0x80131515.

Kikaondoka kwa maneno yangu.

Mengine nayapitia haraka. Tukaitoa laptopu kwenye mtandao, tukafuta plagin, tukaendesha ule ukaguzi wa Defender unaoiwasha kompyuta upya na kukagua kabla Windows haijasimama, nywila zote akabadilisha kutoka kwenye kifaa kingine siyo ile laptopu, akaanza na ya barua pepe kwa sababu hiyo ndiyo inayofungua nyingine. Tukawaeleza watu wa IT kama ilivyokuwa bila kuficha nafasi yangu ndani yake. Waliamua kusimika Windows upya, na mimi naona walifanya sawa, kwa sababu kitu kilichokaa wiki mbili ndani hukiondoi kwa kufuta folda.

Halafu tukashusha zipu ya wenyewe. Alama ya vidole ikafanana herufi kwa herufi, `.dll` 31 zote Valid, na mtia sahihi ni jina la kampuni yenyewe. Zipu hiyo nayo ilikuwa na alama ya intaneti vilevile, ZoneId=3, na bila kuifungulia ingeleta 0x80131515 ileile. Tukaifungulia.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Zipu mbaya na zipu nzuri zilizuiwa sawasawa, kwa ujumbe uleule, na zote mbili zilifunguka kwa tiki ileile.

## Faili lisilo na alama

Nilipoanza kuwasimulia wenzangu, mmoja akaniambia yeye anasoma alama siku zote, asipoikuta anajua faili liko salama. Nikaona bora niliseme hili kwa urefu kidogo.

Alama inapotea kwa njia nyingi ambazo hazina uhusiano wowote na usalama. Flashi nyingi tunazobeba zimeumbizwa kwa FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haina ile sehemu ya pembeni, kwa hiyo ukipitisha faili kwenye flashi alama inabaki nyuma na faili linafika upande wa pili likiwa safi kwa sura. Ukishusha kwa amri ya `curl`, haibandiki alama tangu mwanzo. `git clone` vilevile. Ukitoa zipu kwa 7-Zip, mafaili yanatoka bila alama isipokuwa umeiwashia kipengele hicho kwenye mipangilio yake, kipengele kilichoongezwa mwaka 2022 na chenyewe kinakuja kikiwa kimezimwa.

Na watu wabaya wanayajua haya kuliko sisi. Kwa muda mrefu walikuwa wanatuma mafaili ndani ya `.iso` kwa sababu ukiifungua, vilivyo ndani vilikuwa havirithi alama, mpaka Microsoft walipoziba Novemba 2022.

Kwa hiyo alama ikiwepo inakuambia kitu. Isipokuwepo haikuambii kitu, na hapo unabaki na vile vipimo viwili tu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile amri ambayo mimi mwenyewe nilikuwa naigawa kwa watu, ya kufungulia folda nzima kwa mpigo:

```
Get-ChildItem -Recurse | Unblock-File
```

Kwenye folda moja ya plagin moja uliyoipima ni halali kabisa, inaokoa muda. Lakini nimeshaona mtu anaiendesha akiwa amesimama kwenye Downloads. Vitu vya miaka mitatu, viambatisho vya barua pepe, vitu alivyoshusha akasahau, vyote vinapoteza asili yake ndani ya sekunde mbili, na hakuna amri ya kuirudisha. Wengine wanaenda mbali zaidi wanabadilisha sera ya Windows ili alama isibandikwe tena kabisa. Nawaelewa, kero ni kero. Ila siku mtu akiwauliza faili hili lilitoka wapi watakuwa kama mimi nilivyokuwa pale mezani kwa dada yetu, naangalia maandishi mekundu.

## Simu nyingine

Wiki iliyopita kijana mmoja wa idara nyingine kanipigia, mchana safari hii. Kitabu cha Excel chenye makro, ubao mwekundu, "bro dada kaniambia wewe unajua kuutoa."

Nikamwambia usiguse kitu kwanza, fungua PowerShell. Akashangaa kidogo lakini akafungua. Nikamtajia amri, akaandika, nikamwambia nisomee mstari wa HostUrl.

"Imeandika about:internet."

Nikamuuliza alishusha kwa dirisha la siri la brauza? Akakubali, alikuwa anaingia kwa akaunti nyingine. Chrome ukiwa kwenye dirisha la siri haiandiki anwani halisi, inaweka hayo maneno mawili kulinda faragha yako, kwa hiyo alama ipo lakini haina habari. Nikamwambia futa hilo, rudi kwenye dirisha la kawaida ulishushe tena kutoka kwenye ukurasa uleule.

Akarudi. Mara hii HostUrl ikawa ndefu, akaisoma kwa shida kidogo, na jina la mwanzo halikuwa la tovuti aliyoitaja, lilikuwa linaishia na `githubusercontent.com`. Akaingiwa na hofu. Nikamtuliza, mradi uko GitHub na GitHub mafaili yake inayatoa kwenye ghala lenye jina hilo, ndiyo sababu usome na `ReferrerUrl` pia, ile inayoonyesha tovuti uliyokuwepo. Akaisoma, ni GitHub. Ila ghala hilo linawatolea mafaili watu wote wenye miradi pale, halikuambii ni mradi wa nani, kwa hiyo nikamwambia aangalie brauza mwenyewe yuko kwenye ukurasa wa nani. Akanisomea jina. Nikamuuliza wewe unamjua aliyeandika hiki kitabu?

"Namjua, ni wa kitengo cha fedha, ndiye aliyenitumia linki."

"Alikutumia wapi?"

Kimya. Kisha, "Kwenye barua pepe."

"Mpigie."

Akakata. Baada ya dakika kama sita akarudi, ameongea naye, ni kweli ametuma yeye, na amemsomea tarakimu nane za mwanzo na nane za mwisho za SHA-256 kwa simu. Tukapima hapohapo. Zikafanana zote kumi na sita.

"Sasa kliki kulia," nikamwambia, "Properties."